Kupokea korosho ghafi ghalani: yajue yote magunia yakiwa bado sakafuni

Gunia la korosho likishapanda kwenye rundo halina mwenyewe tena. Limechanganyika na wenzake, na hata ukigundua kesho kwamba lilikuwa bichi au pungufu, hakuna wa kumuuliza. Dereva ameshafika kwao, chama kimeshafunga daftari, na wewe mtunza ghala ndiye uliyetia sahihi. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana mlangoni na kwenye sakafu ya mapokezi, na kidogo tu kwenye kupanga. Makosa mengi ya kupanga ni makosa ya kupokea yaliyochelewa kuonekana.

Nitaongelea ghala kuu la Mtwara msimu wa korosho, mzigo unaotoka AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Mfumo huu unasimama juu ya sheria ya mwaka 2005, na kwenye korosho ulianza kutumika mwaka 2007. Kwa mpokeaji maana yake ni moja: uzito na daraja utakayoandika kwenye stakabadhi ndivyo vitakavyouzwa mnadani, na mnunuzi akija na lori lake atadai kilo hizo hizo. Ghala haliruhusiwi kusema "tulidhani".

Tuchukue Fuso moja inayoshuka kutoka upande wa Tandahimba mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zimeanza. Hati ya mzigo inasema magunia 125, kilo 10,000 bila uzito wa magunia, yaani kilo 80 kila moja, daraja la kwanza.

1. Kabla turubai halijafunguliwa

Soma hati kwanza, lori baadaye. Linganisha namba ya gari na iliyoandikwa, jina la chama, idadi ya magunia, uzito, daraja, na kipimo cha unyevu walichopata wao siku ya kupakia. Kama hakuna kipimo cha unyevu, andika kwamba hakipo. Utakihitaji sana mbele.

Kisha zunguka gari. Angalia turubai limefungwa vipi, kamba zipo zote, na kama kuna tundu au sehemu iliyolegea. Piga picha turubai likiwa bado limefungwa. Likishashushwa chini, kila mtu atakuwa na hadithi yake ya lilivyokuwa. Kwenye Fuso yetu, kona ya nyuma kushoto turubai limechanika kiasi cha kiganja, na mbao za bodi upande huo zina weusi wa maji.

"Mzee, mvua ilinikuta Nanyamba, nikasimama," anasema dereva. Mshukuru, kwani amekupa habari ya maana: unajua mahali pa kutafuta.

Pima gari likiwa na mzigo kwenye mzani wa magari. Linasoma kilo 15,980. Dereva na utingo washuke sasa, na washuke pia gari likipimwa tupu. Watu wawili waliokaa ndani mara moja na kushuka mara nyingine wanatosha kuleta ugomvi wa gunia zima na nusu.

2. Kuhesabu wakati wa kushusha

Makuli hulipwa kwa gunia, kwa hiyo wanakimbia, na huwezi kuwalaumu. Njia ya kuwapunguza kasi bila kuwakosesha haki yao ni kuwapangia sakafu: kila magunia kumi yalale pamoja, nafasi ya kupita mtu, kisha kumi mengine. Karani wako na mwakilishi wa chama wahesabu kila mmoja kwa daftari lake, wasiambiane hesabu mpaka gari liishe. Wakilinganisha mwishoni na namba zikawa sawa, hesabu hiyo ina uzito. Wakihesabu pamoja kwa sauti, aliyekosea atamvuta mwenzake.

Muhimu kuliko yote: magunia yaliyotoka kona yenye mashaka yakae upande wake. Usiyaache yasambae sakafuni, kwa sababu baada ya nusu saa hutajua tena lipi lilitoka wapi.

Kila gunia liangaliwe mdomo. Magunia ya chama kimoja kwa kawaida yameshonwa na mtu mmoja au wawili, uzi uleule na mkono uleule. Ukikuta gunia limeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, au mashimo ya sindano ya zamani yanaonekana pembeni ya mshono mpya, liweke kando na ulipime peke yake. Huenda lilipasuka tu njiani likashonwa upya. Huenda pia lilifunguliwa.

Fuso imeisha. Hesabu zote mbili zinasema 124. Gari tupu ni kilo 6,020.

3. Uzito, na kwa nini usikimbilie neno unyaufu

Kilo 15,980 ukitoa 6,020 unapata 9,960. Hizo ni korosho pamoja na magunia yake. Chukua magunia kumi matupu ya aina ileile, yapime pamoja, ugawe kwa kumi. Hapa tunapata kilo 1 kwa gunia. Ukitoa kilo 124, korosho zenyewe ni kilo 9,836. Hati ilisema 10,000, kwa hiyo pungufu ni kilo 164.

Gunia moja lililokosekana linabeba 80 kati ya hizo. Zinabaki kilo 84, na hapo ndipo mtu wa chama atakuambia, "Huo ni unyaufu tu, ndugu yangu." Unyaufu upo kweli. Korosho ikikauka inapoteza maji, na maji yana uzito. Lakini unyaufu unapimika. Chukua unyevu wa mwanzo, toa unyevu wa sasa, kisha gawa kwa mia moja toa unyevu wa sasa. Mzigo uliotoka asilimia 10 ukafika asilimia 9 umepoteza 1 juu ya 91, yaani karibu kilo 11 katika kila tani. Mzigo huu ulipakiwa jana. Haukauki kiasi hicho kwa usiku mmoja, chini ya turubai, kwenye mvua.

Usibishane bado. Chagua magunia kumi makavu bila kuyabagua, uyapime moja moja kwenye mzani mdogo. Yakisoma yote karibu sawa, sababu ni moja na imegusa mzigo mzima. Yakiwa mengine 81 na mengine 72, kuna magunia yaliyoguswa. Ya kwetu yanasoma kati ya 79.6 na 80.3. Gunia lenye kilo 80 za korosho lilipaswa kusoma 81. Kinachoelekea ni kwamba kule chamani walipima gunia na korosho pamoja, mzani ukafika 80, wakaandika 80 za korosho. Kilo moja ya gunia tupu imeandikwa kama mali ya mkulima, mara 124.

Lakini 124 ni kubwa kuliko 84 tulizokuwa tunazitafuta. Shika namba hiyo, unyevu utaieleza.

4. Sampuli na unyevu

Kwa magunia yasiyozidi kumi, fungua yote. Kuanzia kumi hadi mia moja, chukua kumi. Zaidi ya mia, chukua kipeuo cha pili cha idadi na ukiongeze kifikie namba nzima: kwa 124 ni 12. Bambo, ule mrija wa kuchoma gunia la mahindi na kutoa sampuli, halifai hapa, korosho ni kubwa na itakwama. Fungua mdomo wa gunia, chukua juu, katikati na chini kwa mkono, na ushone tena mbele ya mwakilishi wa chama. Ukichukua za juu tu, unapima kile ambacho mfungaji alitaka ukione.

Vipimo vinatoka hivi: magunia tisa yana wastani wa asilimia 8.6. Matatu, yote kutoka kona ya nyuma kushoto, yana wastani wa 12.6. Tuseme kikomo ni asilimia 10. Cha msimu wako utakikuta kwenye mwongozo wa Bodi ya Korosho uliobandikwa ofisini.

Sasa angalia mtego. Ukijumlisha vipimo vyote kumi na mbili na kugawa, wastani ni 9.6. Mzigo umepita! Kwenye karatasi kila kitu ni kizuri, na ndani ya rundo umeweka magunia yatakayochemka na kuota ukungu na kuwapa jirani zao. Wastani ni wa kutumia pale vipimo vinapofanana. Vikigawanyika makundi mawili, una mizigo miwili, hata kama imekuja na gari moja na hati moja.

Kwa hiyo rudi kwenye kona ile uguse kila gunia kwa kiganja, upime kila unalolishuku, na uendelee kwa jirani mpaka upate safu mbili mfululizo zilizo kavu. Hapa yanapatikana magunia 14. Kipimo kikiwa kinakushangaza, rudia kwa korosho nyingine za gunia hilohilo. Maji yaliyoshika ganda la nje tu hufanya kifaa kisome juu, na ukianika sampuli kidogo kivulini namba hushuka haraka. Ikigoma kushuka, maji yameshaingia ndani.

Pima magunia 14 peke yake: kilo 1,166, na ukitoa magunia matupu ni 1,152. Wastani wa gunia ni zaidi ya kilo 83, wakati makavu ni 80. Hilo ndilo jibu la namba tuliyoiacha. Zikikaushwa kutoka 12.6 hadi 8.6, zitapoteza 4 juu ya 91.4, yaani kama kilo 50. Pungufu halisi ya mzigo huu ni 164 na 50, jumla 214: gunia lililokosekana 80, uzito wa magunia matupu 124, na kilo 10 ambazo mzani wa magari unaosoma kwa hatua za kilo 20 hauwezi kuziapia. Mvua ilikuwa imeficha sehemu ya pungufu. Ghala linalopokea uzito wa maji litakuja kulipa kilo hizo kwa mnunuzi mwezi ujao, nje ya mfuko wake.

5. Kukata korosho

Changanya sampuli za magunia tisa makavu, gawa mafungu manne, toa mawili yanayokabiliana, rudia mpaka ubaki na kilo 2. Kilo moja ikatwe, ya pili ifungwe, itiwe lakiri na sahihi za pande zote mbili, ihifadhiwe. Hiyo ya pili ndiyo itakayokuokoa mnunuzi akipinga daraja.

Kata kwa mkasi wa korosho, vaa glavu au jipake mafuta mikononi, maana mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Tenga viini vizuri, vyenye madoa au vilivyosinyaa kidogo, na vibovu kabisa. Viini vizuri vinahesabiwa uzito wote, vya kati nusu, vibovu havihesabiwi. Tukipata gramu 278 nzuri na 14 za kati, jumla ni 278 na 7, yaani 285. Zidisha kwa 80, gawa kwa 453.6, unapata ratili 50.3 za viini kwa gunia la kilo 80. Linganisha na kiwango cha daraja cha msimu huo.

Yale magunia 14 usiyapime ratili leo. Kiini kilicholowa kina uzito wa maji, kitakupa ratili nzuri ya uongo, na ukungu unahitaji siku kadhaa kujionyesha. Kata ishirini tu kutoka magunia tofauti kuona kama ukungu umeshaingia. Ukiwa umeingia, kukausha hakutaurudisha ubora, na mazungumzo na chama yanakuwa mengine.

6. Fomu ya tofauti

Iandikwe gari likiwa bado uwanjani. Kosa ninaloliona mara nyingi ni karani kuandika sababu mahali pa kipimo: "Chama kimeiba kilo 164." Fomu ya namna hiyo haisaidii mtu, na ikifika kwenye kikao inakuwa kesi ya heshima badala ya kesi ya kilo. Andika ulichokiona na ulichokipima, kwa mpangilio huu:

Hati: magunia 125, kilo 10,000. Imepokelewa: magunia 124, kilo 9,836 baada ya kutoa kilo 124 za magunia matupu. Tofauti: gunia 1, kilo 164. Magunia 14 yamelowa, kilo 1,152, wastani wa unyevu 12.6, yametoka kona ya nyuma kushoto, turubai limechanika hapo, picha zimeambatishwa. Magunia kumi makavu yamepimwa moja moja, uzito 79.6 hadi 80.3 pamoja na gunia.

Chini yake, kwenye mstari wake, weka sababu inayoelekea: uzito wa gunia tupu huenda haukutolewa chamani. Chama kikaguliwe mzani na utaratibu wake. Hiyo ni hoja, na wao wana haki ya kuijibu.

Dereva atie sahihi kwamba aliona hesabu, hali ya turubai na magunia yaliyolowa. Usimlazimishe kukiri kosa, hatatia sahihi kabisa. Kwenye hati yake ya mzigo andika maneno hayohayo kwa kifupi kabla hujagonga muhuri. Muhuri uliogongwa juu ya hati tupu unasema ulipokea magunia 125 makavu, na fomu yoyote utakayoandika jioni itaonekana ya kujitetea. Nakala moja kwa chama, moja kwa chama kikuu, moja kwako.

7. Zuio la ubora

Magunia 14 hayakataliwi na hayapokelewi. Yanazuiliwa. Tofauti yake ni kwamba bado ni mali ya chama, yako chini ya ulinzi wako, na hayaingii kwenye stakabadhi mpaka uamuzi utolewe. Stakabadhi ya leo ni ya magunia 110, kilo 8,684, basi. Utaombwa uandike yote "kwa sababu mnada ni Ijumaa". Ukikubali umeuza maji.

Zuio linahitaji mambo matatu. La kwanza ni mahali: eneo lililozungushiwa kamba, mbali na mlango wa kupakia. Magunia yaliyozuiliwa yakikaa karibu na mlango, siku ya haraka makuli watayapakia kwa nia njema kabisa. La pili ni alama kwenye kila gunia, siyo kwenye kundi tu: kadi nyekundu yenye namba ya hati, tarehe, sababu na jina la aliyezuia. La tatu ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuachia, naye asiwe karani wa mapokezi. Aliyezuia na anayetaka nafasi ya sakafu wasiwe mtu mmoja.

Usiyapange magunia haya kwa kupandisha. Yalaze tabaka moja juu ya chaga, midomo wazi, na mvua ikikatika yamwagwe juani kwenye turubai, kina kisichozidi kiganja, yageuzwe mara kadhaa kwa siku na kurudishwa ndani kabla umande haujaanza. Mwakilishi wa chama awepo wakati wa kumwaga na wa kufunga tena, maana uzito utapungua na atataka kujua ulikokwenda. Umeshaandika mapema kwamba unategemea kilo 50 hivi zipungue. Zikipungua 45 au 55, hakuna neno. Zikipungua 120, sasa wewe ndiye unayepaswa kujieleza.

Baada ya kukauka: pima unyevu gunia kwa gunia, pima uzito, kata kilo moja. Yakifaa, anayeachia anatia sahihi, kadi nyekundu zinatolewa na kuambatishwa kwenye fomu, na stakabadhi ya pili inaandikwa kwa uzito na daraja lililopatikana, hata kama ni daraja la pili.

8. Kupanga

Magunia 110 makavu sasa yanaweza kupanda. Chaga chini kila mahali, mita moja kutoka ukutani ili mtu apite na kuona nyuma. Panga kwa vifungu vya magunia matano, mawili kwa urefu na matatu kwa upana, vifungu vitatu kwa tabaka, na kila tabaka ligeuzwe kinyume na la chini yake ili yafungane. Hivyo kila tabaka lina magunia 15, matabaka saba ni 105, na matano yanabaki juu yakionekana. Mkaguzi akija anahesabu kwa macho bila kupanda.

Kadi ya rundo iwe na namba ya hati, jina la chama, idadi, unyevu wa 8.6, ratili 50.3 na tarehe. Usijaze nafasi iliyobaki juu kwa magunia ya gari linalofuata. Yale 14 yakiachiwa nayo yapate kadi yao, hata kama ni rundo dogo linalokera jicho, kwa sababu ratili yake ni nyingine na stakabadhi yake ni nyingine.

Siku ya tatu, kisha kila wiki, ingiza mkono kati ya magunia ya katikati ya rundo na upime unyevu wa mawili. Joto linalozidi la hewa ya ghala, au harufu ya uchachu, maana yake kuna gunia bichi lililokupita mlangoni. Bomoa upande huo siku hiyohiyo, lirudishe kwenye zuio, na ufungue fomu mpya yenye namba ya hati ileile.